Kujaza fomu ya mtandaoni kutoka kwenye lahajedwali bila kumwandikisha mtoto mara mbili

Chukulia zahanati ya kijijini katika kata kama Mabawe, wilayani Ngara, ambako mtandao hupatikana kwa vipindi. Wahudumu huandika chanjo za watoto kwenye rejesta ya karatasi, kisha huzinakili kwenye lahajedwali ya kompyuta, wakisubiri siku ya kuziingiza katika fomu ya mtandaoni. Zikiwa kumbukumbu 120, na kila moja ikichukua dakika 6 kujazwa kwa mkono, kazi hiyo humaliza saa 12. Programu fupi inayosoma lahajedwali, ikajaza fomu na kuituma, huikamilisha kwa chini ya saa moja. Hata hivyo, programu hiyo hurudia kosa kwa kasi ileile inayofanyia kazi.

Kuandaa lahajedwali

Kila mstari uwe wa mtoto mmoja, na kila safu iwe ya swali moja la fomu. Safu ya namba ya simu iwekwe katika muundo wa maandishi. Vinginevyo sifuri ya mwanzo hupotea, na mama hapati ujumbe wa kumkumbusha kliniki.

Tarehe ndiyo yenye hatari zaidi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 2024 huandikwa 03/04/2024. Kompyuta inayotanguliza mwezi husoma 4 Machi. Mtoto huyo akipata dozi ya kwanza ya pentavalenti tarehe 15 Mei, akiwa na wiki 6 kamili, mfumo utamhesabu kuwa na wiki 10 na siku 2, kana kwamba amechelewa mwezi mzima. Fomu haitakataa, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kutowezekana. Kinga yake ni kuandika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku: 2024-04-03.

Mtandao unapokatika

Tatizo kubwa zaidi hutokea katikati ya kazi. Programu imebonyeza kitufe cha kutuma mstari wa 47, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Je, kumbukumbu imefika au haikufika? Programu haiwezi kujua. Ikirudia, huenda mtoto akaandikwa mara mbili. Ikiruka, huenda asiandikwe kabisa.

Madhara ya kurudia humfikia mtoto mwenyewe. Dozi ya pili ikiandikwa kwenye jalada moja tu, jalada la pili litamwonyesha kama mtoro wa chanjo. Mhudumu atapanda milima kumtafuta mtoto ambaye hakukosa chochote, huku hesabu ya watoto waliochanjwa ikizidi idadi halisi.

Dawa yake ni safu ya hali iliyo mwishoni mwa lahajedwali. Kabla ya kutuma, programu huandika INATUMWA na kuhifadhi faili. Baada ya kuona ujumbe wa kupokelewa, hubadilisha kuwa IMETUMWA. Kwa lugha ya Python na zana ya Playwright, kiini chake ni hiki:

```python
for n in range(2, ws.max_row + 1):
    if ws.cell(n, 13).value:
        continue
    jaza(ukurasa, ws, n)
    ws.cell(n, 13).value = "INATUMWA"
    wb.save("chanjo.xlsx")
    ukurasa.click("#tuma")
    ukurasa.wait_for_selector("#imepokelewa")
    ws.cell(n, 13).value = "IMETUMWA"
    wb.save("chanjo.xlsx")
```

Hapa safu ya 13 ndiyo ya hali, na `jaza` hufungua fomu mpya kabla ya kuandika chochote, ili ujumbe wa mtoto aliyetangulia usidhaniwe kuwa wa huyu. Majina ya `#tuma` na `#imepokelewa` hubadilishwa kulingana na fomu husika. Jibu lisipoonekana ndani ya sekunde 30, programu husimama. Ikianzishwa tena, huruka kila mstari wenye alama yoyote. Mstari uliobaki INATUMWA hushughulikiwa na binadamu: humtafuta mtoto kwenye mfumo, kisha huamua.

Kabla na baada ya kutuma

Msimamizi wa mfumo wilayani ndiye wa kwanza kuulizwa. DHIS2, inayobeba taarifa za MTUHA nchini, ina njia yake ya kupokea faili, na njia hiyo ikiruhusiwa ni salama kuliko kuigiza vidole vya mhudumu. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo lahajedwali haipaswi kuzunguka kwenye simu za watu.

Ruhusa ikipatikana, mstari mmoja hutumwa kwanza na kusomwa kwenye mfumo swali kwa swali. Kazi ikiisha, idadi ya IMETUMWA hulinganishwa na idadi ya kumbukumbu zilizopokelewa, na mistari kumi iliyochaguliwa bila mpango hulinganishwa na rejesta ya karatasi, wala si na lahajedwali, kwani kosa la kunakili huishi humo.

Mzazi naye ana ushahidi mkononi. Kadi ya mtoto ikitofautiana na kinachosomwa kwenye mfumo siku ya kliniki, aombe rejesta ifunguliwe na kosa lisahihishwe siku hiyohiyo.