Slaidi ya Tarehe Itengenezwe Kwanza

Januari iliyopita ndugu yangu alinitumia kwenye WhatsApp picha moja ya pakeji ya vifaa vya Kidato cha Kwanza. Kaunta buku zimepangwa vizuri, mkebe wa hesabu uko juu yake, na bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Nilipompigia muuzaji, akaniambia oda zilifungwa juzi. Tarehe ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye slaidi ya saba ya tangazo lake la Instagram, na mimi nilifikiwa na ya tatu peke yake.

Hivyo ndivyo matangazo haya yanavyosafiri. Muuzaji huyapanga kama kitabu, akidhani mteja atafungua ukurasa baada ya ukurasa. Mzazi hapigi picha kitabu kizima. Anasogeza mpaka darasa la mwanawe, anaipiga picha skrini na kuitupa kwenye kundi la wazazi. Maelezo yaliyoandikwa chini ya posti hubaki kulekule. Kwa hiyo kila slaidi ya pakeji inapaswa kujitosheleza: darasa, vilivyomo kwa idadi, bei, namba ya kuagizia na mwisho wa oda.

Pakeji moja ikae kwenye slaidi moja, na sababu yake ni ya kiufundi. Instagram ikishaipandisha posti, picha haibadilishwi kwa nyingine, lakini slaidi moja inaweza kufutwa na zilizobaki zikaendelea. Pakeji ya Darasa la Nne ikiisha, unaiondoa hiyo tu. Ukiwa umebana pakeji tatu kwenye picha moja, utashinda inboksi ukijibu watu kwamba ile ya katikati haipo.

Vilivyomo viandikwe kama anayepika anavyopima unga. "Kaunta buku 10" haitoshi, kwa sababu kaunta buku huuzwa kwa kwaya, na ya kwaya 3 ni nene kuliko ya kwaya 2 na bei yake iko juu. Ukipiga picha ya kwaya 3 halafu ndani ya mfuko ukaweka kwaya 2, mzazi ataona amedanganywa, hata kama bei uliyomtoza ni ya haki.

Tuchukue pakeji moja kwa bei za mfano. Kaunta buku 10 za kwaya 2 kwa Sh 2,500 kila moja ni Sh 25,000. Mkebe Sh 3,500, peni 10 Sh 3,000, makava 10 Sh 2,000, rula na penseli Sh 1,000. Vikinunuliwa kimoja kimoja ni Sh 34,500. Muuzaji aliyevichukua kwa jumla Kariakoo kwa Sh 27,500 pamoja na mfuko anaweza kuuza pakeji Sh 32,000. Mzazi ameokoa Sh 2,500, muuzaji amebaki na Sh 4,500. Bodaboda ikiwa "bure", sehemu kubwa ya hizo 4,500 inaweza kuishia barabarani kati ya Kariakoo na Mbagala, kwa hiyo usafiri uandikwe pembeni kama gharama yake. Nami nasisitiza bei ionekane kwenye picha. "Bei njoo inboksi" humchosha mzazi mwenye watoto watatu na orodha tatu mkononi.

Sasa tarehe. Haichaguliwi kwa kupendeza kwake. Inahesabiwa kurudi nyuma. Tuseme shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 13 Januari, na dukani kuna wafungaji wawili wanaomaliza pakeji 40 kwa siku. Jumapili tarehe 12 iachwe wazi kwa kurekebisha makosa, maana hapakosi mkebe uliosahaulika. Zinabaki Ijumaa na Jumamosi za kufunga na kupeleka ndani ya Dar es Salaam, yaani pakeji 80. Oda za Dar zifungwe Alhamisi tarehe 9, saa 10 jioni. Mzigo wa Mbeya unapanda basi Jumatano, unafika Alhamisi, mzazi anaufuata stendi Ijumaa, na Jumamosi ni akiba basi likichelewa. Oda za mikoani basi zifungwe Jumanne tarehe 7.

Slaidi iseme vikomo vyote viwili: "Dar mwisho Alhamisi 9 Januari saa 10 jioni, au pakeji 80 zikitimia." Iseme pia kwamba oda huhesabiwa ikishalipiwa. Usipoandika hivyo, aliyesema "nitalipa kesho" atakuja Jumamosi akidai nafasi yake.

Kosa linaloumiza zaidi ni kusogeza tarehe. Mwaka huu ukiandika mwisho tarehe 9 na tarehe 10 ukatangaza umeongeza siku tatu, waliojibana wakalipa mapema wamekusoma. Mwakani watasubiri, na zile oda 80 zitakuangukia zote siku ya mwisho, na wafungaji wako ni walewale wawili. Alhamisi saa 10 ikifika, ibandike slaidi mpya kwenye stori: oda zimefungwa, na hapohapo taja vitu vitakavyouzwa rejareja dukani Jumamosi kwa aliyechelewa.