Ukataji wa Rekodi Ndefu kwa Kutambua Vituo vya Usemi

Katika miradi ya unukuzi, rekodi ya mahojiano hukatwa kwanza kuwa vipande vifupi ili wanukuzi wagawane kazi. Ukataji huo unaweza kufanywa na kompyuta kwa kutambua kimya. Programu ya ffmpeg hutoa orodha ya vituo kwa amri ifuatayo:

```
ffmpeg -i mahojiano.wav -af silencedetect=noise=-38dB:d=0.5 -f null -
```

Hapa `noise` ni kizingiti: sauti iliyo chini yake huhesabiwa kuwa kimya. `d` ni muda mfupi kabisa, kwa sekunde, ambao kimya hicho lazima kidumu ili kihesabiwe kuwa kituo. Muda huu usiwe mfupi mno, kwa kuwa konsonanti kama p, t na k huanza kwa mfinyo wa hewa ambao nao ni kimya. Mfinyo huo kwa kawaida haufiki sekunde 0.2, hivyo nusu sekunde inatosha kuuepuka.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kizingiti. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya mwisho mara nyingi hufifia, hasa msemaji anapokaribia kupumua. Irabu hiyo hiyo ndiyo hubeba sarufi: "asome" na "asoma" hutofautiana kwayo tu. Chukuliwe mfano wa msemaji aliyemaliza kauli kwa "asome", na programu ikaonyesha `silence_start: 12.40` na `silence_end: 13.30`, ilhali irabu yenyewe iliendelea hadi 12.48. Kipande kikikatwa kwenye 12.40, mnukuzi husikia "asom" na kulazimika kukisia. Kinga yake ni rahisi: kukata katikati ya kituo, yaani kwenye 12.85, ili kila upande ubaki na kingo zake.

Kizingiti chenyewe hupimwa kutokana na kelele za mahali husika, si kunakiliwa kutoka mradi mwingine. Kelele za chumba zikiwa hazizidi -45 dB, -38 dB hufaa. Lakini mvua ikianza kupiga bati katikati ya mahojiano, kelele hupita kizingiti na programu haioni kituo chochote. Dalili yake ni kipande kimoja cha dakika kadhaa kati ya vipande vya sekunde chache. Kishawishi ni kupandisha kizingiti kwa rekodi nzima, jambo ambalo hufyeka irabu katika sehemu tulivu. Inafaa sehemu ya mvua itengwe na kupewa kizingiti chake. Pale mvua inapolingana na sauti ya msemaji, hakuna kizingiti kinachosaidia, na sehemu hiyo hukatwa kwa mkono.