Kulisogeza jua la utosini

Mara mbili kwa mwaka, katika siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana husimama juu kabisa ya Dar es Salaam, na nguzo ya umeme hubaki karibu bila kivuli. Miezi mingine jua hilo huegama, lakini si sana. Ndiyo maana picha nyingi za sura zinazopigwa kwetu kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri zina ugonjwa mmoja. Paji la uso linameta, macho yamezama gizani, pua imeangusha kivuli juu ya mdomo, na bado picha nzima inaonekana bapa, kana kwamba mtu amebandikwa ukutani.

Inashangaza kwamba mwanga mkali kiasi hicho unaweza kutoa picha bapa. Sababu ni umbali. Jua liko mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 150, kwa hiyo mtu na ukuta ulio nyuma yake hupata mwanga ule ule, bila tofauti. Taa iliyo karibu haifanyi hivyo. Ukiweka taa ndogo mita 1 kutoka shavu la mtu, shavu la pili, lililo kama sentimita 15 mbele zaidi, hupata takriban robo tatu tu ya mwanga huo. Ukuta ulio mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo. Kupungua huku ndiko kunakoliambia jicho kwamba shavu hili liko mbele na lile liko nyuma, na kwamba ukuta uko mbali. Jua la utosini halina kupungua huko. Kazi ya mhariri wa picha ni kukurudisha, na chombo chake kikuu ni maski ya mteremko, yaani eneo ambalo badiliko linaanza kwa nguvu upande mmoja na kufifia taratibu hadi kwisha upande wa pili.

Tuchukue picha moja. Mzee amesimama uani siku ya harusi ya mjukuu wake, saa saba mchana, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya mkono, nyuma yake ukuta wa chokaa. Kamera imehifadhi faili ghafi, na hilo ni bahati, kwa sababu faili la JPEG lina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na ukilivuta sana ukuta laini kama huu huanza kutoka michirizi. Nitatumia Lightroom, kwa kuwa ndiyo wengi wanayo, kwenye kompyuta au kwenye simu. Namba nitakazotoa ni za picha hii. Yako itataka zake.

Kabla ya kugusa chochote, tazama kivuli cha pua. Hicho huwezi kukiondoa kwa mteremko wowote, kwa sababu kingo zake ni kali, na kitabaki kikitoa ushahidi wa mahali jua lilipokuwa. Kwa mzee huyu kivuli kimeshuka hadi mdomoni na kuegama kidogo kuelekea kulia kwa picha. Maana yake jua lilikuwa limeegama kushoto. Basi mwanga wetu mpya utatoka kushoto, juu kidogo ya usawa wa macho. Wanaoharibu kazi hii mara nyingi huharibu hapa: huchagua upande unaowapendeza, kisha pua inabaki ikiwapinga, na mtazamaji anahisi kuna uongo hata kama hawezi kuutaja.

Hatua ya kwanza ni kupunguza. Watu wengi wakisikia habari ya kuongeza mwanga hukimbilia kung'arisha uso, lakini picha hii tayari ina mwanga mwingi kila mahali, na hakuna nafasi ya mwanga mpya kuonekana. Shusha Exposure ya picha nzima hadi -0.60 na Highlights hadi -50. Picha itafifia na kuwa kama ya siku ya mawingu. Usiogope; hicho ndicho kiwanja cha kujengea. Kumbuka pia kwamba Exposure huhesabiwa kwa stopu: ukiongeza 1.00 umezidisha mwanga mara mbili, ukipunguza 1.00 umeugawa nusu. Kwa hiyo hata 0.30 si kitu kidogo.

Sasa liondoe jua utosini. Chagua Linear Gradient, uanze kwenye ukingo wa juu wa picha na kuvuta kushuka mpaka kwenye nyusi, kisha uweke Exposure -0.70. Mteremko uishie kwenye nyusi na usipite hapo, kwa sababu macho chini yake tayari yana giza la kutosha. Kofia nyeupe, ambayo ilikuwa ikishindana na uso, inatulia, na mng'ao wa paji la uso unapungua. Mteremko wa pili unatoka ukingo wa kulia na kufifia hadi kwisha kwenye pua, Exposure -1.00. Ukuta wa kulia unapata punguzo lote, na shavu la kulia, lililo karibu na mwisho wa mteremko, linapata kama theluthi yake. Hesabu hiyo inakaribia ile ya taa ya mita 1, na ndiyo sababu jicho linaikubali.

Hapo ndipo mwanga mpya unaingia. Chagua Radial Gradient, uchore duara refu kubwa kuliko kichwa cha mzee, lakini kitovu chake ukiweke nje ya uso, kushoto na juu kidogo, mahali ambapo dirisha lingekuwepo. Weka Feather 100, Exposure 0.80, na Temp 8 ili mwanga uwe na joto kidogo. Kosa la kawaida ni kuweka kitovu katikati ya uso. Matokeo yake ni uso unaong'aa kama balbu, pande zote sawa, na ubapa ule ule umerudi kwa mlango mwingine. Kitovu kikiwa nje, uso unaguswa na ule mteremko tu: shavu la kushoto linapata mwingi, pua inapata kiasi, shavu la kulia halipati karibu chochote. Bega la kushoto la kanzu litaungua kwa sababu ni jeupe, kwa hiyo litoe ndani ya maski kwa Subtract na brashi laini.

Kanzu hiyo, hata hivyo, tuishukuru. Kitambaa cheupe kimerudisha mwanga wa jua kwenda juu, ndiyo maana kidevu cha mzee hakikuwa cheusi. Angevaa shati jeusi, tungekuwa na kazi nyingine kubwa chini ya taya.

Macho yanahitaji mkono mwepesi. Duara dogo kwenye kila tundu la jicho, Exposure 0.35 kwa jicho la kushoto na 0.20 kwa la kulia, linatosha. Hapa ngozi yetu inadai uangalifu ambao mafunzo mengi ya mtandaoni hayautaji. Sehemu za kivuli mchana wa jua kali hupata mwanga wake kutoka kwenye anga la buluu, na buluu juu ya ngozi ya kahawia, ukiing'arisha, hutoa rangi ya majivu. Mtu anaonekana mgonjwa. Tiba ni kuongeza Temp na Saturation kidogo ndani ya maski hiyo hiyo ya jicho, 6 au 8, hadi kahawia irudi. Wapo wanaochora nukta nyeupe kwenye mboni ili macho yawe hai. Mimi nasema yaachwe: mwanga hafifu uliotoka kwenye kanzu upo tayari ndani ya mboni, na ni wa kweli.

Umebaki mng'ao laini. Wapiga picha wengi waliujua kupitia Michael Orton wa Kanada, ambaye katika miaka ya 1980 alilaza slaidi mbili za mandhari moja juu ya nyingine, moja kali na moja iliyopotea fokasi, zote zikiwa zimepata mwanga kupita kiasi. Sisi tunauhitaji kwa sababu nyingine. Mwanga wa kweli unaopita kwenye vumbi na kioo cha lenzi huvuja kidogo kutoka penye nuru kwenda penye giza, na uvujaji huo ndio utakaounganisha mwanga tuliouingiza na picha yenyewe. Weka duara jingine kwenye ukingo wa kushoto, nusu yake ikiwa nje ya fremu, liguse pembe ya kofia na bega. Exposure 0.25, Clarity -35, Dehaze -12, Temp 10. Liache lipite kwenye mpaka wa mwili na kuingia ukutani. Ukilikatia mwilini tu, mzee ataonekana amekatwa kwa mkasi. Lisifike kwenye macho, maana Clarity ikishuka pale ukali wote wa kutazama unapotea. Mwenye GIMP atafanya vivyo hivyo kwa tabaka jipya lenye modi ya Screen, apake rangi ya manjano hafifu kwa brashi laini, aitie Gaussian Blur, kisha ashushe nguvu ya tabaka hadi asilimia 15.

Utajuaje kama umezidisha? Ipunguze picha hadi iwe na ukubwa wa stempu. Katika udogo huo unatakiwa kuona uso kwanza, na upande mmoja wake ukiwa na mwanga zaidi. Ukiona duara, au mstari mweupe unaozunguka kichwa, maski zako ni ndogo mno au zina nguvu mno. Kisha igeuze kushoto-kulia. Jicho lililozoea picha kwa nusu saa huamka, na shavu lililotiwa chumvi hujitokeza lenyewe.

Kuna picha ambazo hazitibiki hivi. Kama paji la uso limeungua kabisa, yaani rangi zote tatu zimefika 255, ukilishusha hupati ngozi bali doa la kijivu, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa pale. Na kama kivuli cha pua kimefunika mdomo mzima kwa weusi, mteremko utabadilisha kila kitu isipokuwa hicho. Picha ya namna hiyo ni bora kuirudia chini ya baraza, mtu akiwa hatua moja ndani ya kivuli na akitazama nje uani.

Ya mzee ilikubali. Kabla ya kuipeleka studio kuchapishwa, ongeza Exposure ya jumla kwa 0.20 hivi, kwani karatasi haina taa nyuma yake kama kioo cha simu, na upande wa kulia wa uso huwa mzito zaidi ukichapwa. Omba wachape kipande kidogo kwanza, chenye shavu la kulia na ukuta, ukitazame nje penye mwanga wa kivulini, ndipo uagize ile kubwa.