Hela ya Kuvunja Kikoba Uliifanyia Nini?

Mpwa wangu ni fundi umeme, anakaa Temeke. Mwaka jana alikutana na mwalimu wa shule ya msingi kwenye sendofu ya rafiki yao, wakapeana namba, na Jumapili iliyofuata wakaenda kula samaki Feri. Kabla sahani hazijafika mezani, alikuwa ameshamuuliza yule dada analipwa kiasi gani, amepanga au anakaa kwa ndugu, anasomesha nani, ana mkopo wowote, na miaka mitano ijayo anajiona wapi. Dada wa watu alijibu yote, jibu moja neno moja. Soda ilipoisha akasema kwa upole, "Kaka, tumekuja kula au kwenye usaili?"

Jioni ile kijana akanipigia. "Mjomba, nimekosea wapi? Si mambo ya msingi haya?"

Ni ya msingi kweli, na sikutaka aache kuyatafuta. Ndoa nyingi nilizoitwa kusuluhisha, na nimeitwa nyingi, ziligombana juu ya hela iliyotumwa kijijini bila mwenzake kujua, au mkopo uliojulikana siku mkopeshaji alipokuja kubeba televisheni. Kosa lake lilikuwa kutaka kufanya kwa saa moja, peke yake, kazi ambayo wazee wetu waligawana watu watano kwa miezi kadhaa.

Zamani maswali haya hayakuulizwa mezani. Barua ya posa ilipofika, ukoo wa binti uliomba muda, na katika muda huo watu walikwenda huku na huku. Shangazi alikuwa na shoga yake mtaa wa kina kijana, mjomba alimjua mwajiri wake. Waliuliza anavyoishi na mama yake, kama hulipa madeni ya dukani, nani alitoa sanda ndugu yao alipofariki. Mshenga naye alikuwa mlango wa kupitishia yale ambayo vijana wangeona haya kuyasema uso kwa uso. Leo wawili wanakutana wenyewe, mmoja katoka Mbeya, mwingine Tanga, na jirani wa kuulizwa hayupo. Uchunguzi wote umewaangukia wao. Lakini namna ya wazee bado inafaa: hawakuuliza idadi wala hukumu. Waliuliza matukio.

Fikiria mshahara. Tuseme mwalimu ana mshahara wa msingi wa 700,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara huo, yaani 105,000, hukatwa kabla hajaiona. Ongeza makato mengine, kisha kikoba, kisha mama yake. Mwenzake mwenye 500,000 asiyedaiwa na asiye na wa kumtumia anaweza kuwa na nafasi kubwa kuliko yeye. Kwa hiyo aliyeuliza "unalipwa kiasi gani" ameudhi mtu, na jibu alilopata halimwambii hela inavyokwenda.

Nilimwambia mpwa wangu aanzie pale ambapo Kiswahili chenyewe kimeshafungua mlango. Sisi husalimiana kwa kuulizana habari za nyumbani, na mtu haoni kwamba amehojiwa. "Nyumbani hawajambo? Mama anaendeleaje?" Ukisikiliza jibu badala ya kulipita, litakupa njia. Vilevile hakuna anayeudhika kuulizwa kwao wako wangapi na yeye ni wa ngapi. Akisema ni kifungua mimba wa watoto sita, umeshaambiwa jambo kubwa. Usikimbilie kuuliza ana wategemezi wangapi. Uliza anayemfuata yuko wapi siku hizi, kisha nyamaza. Mtu akianza kumsimulia mdogo wake, ada huja yenyewe ndani ya hadithi.

Hapo sikiliza nafsi ya kitenzi. Kuna anayesema "natuma" na kuna anayesema "huwa tunachanga". Wa kwanza amebeba peke yake. Wa pili ana ndugu wanaokaa chini, wakagawana, na huenda wana kundi la Wasapu la ukoo ambapo kila mwisho wa mwezi kila mmoja huweka chake. Uzito wa mizigo hiyo miwili haufanani hata kama jumla inayofika kwa mama ni ile ile, kwa sababu anayetuma peke yake akiugua au akifukuzwa kazi, mama hana pa kushika. Sikiliza pia neno "huwa". "Huwa namtumia kila tarehe mbili" ni tabia, tofauti kabisa na "nataka nianze kumtumia".

Kuhusu matumizi na akiba, hakuna mlango mzuri kama kikoba na mchezo. Wengi wetu tumo katika kimoja au kingine, na watu hupenda kuvisimulia. Katika kikoba wanachama hununua hisa kila wiki au kila mwezi, hukopeshana kutoka mfuko huo, na vikundi vingi huruhusu mtu kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, yaani mwenye 400,000 aweza kuchukua 1,200,000. Mwisho wa mwaka, aghalabu Desemba, kikoba huvunjwa, kila mmoja akapokea hisa zake na faida yake. Basi swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Mlipovunja kikoba, hela yako uliifanyia nini?" Mmoja atasema alinunua friji ya kuuzia barafu. Mwingine alimwezekea mama yake paa. Mwingine atacheka akwambie iliisha sikukuu, hata hajui iliendaje. Hakuna jibu baya hapo. Ila kwa pumzi moja umesikia tabia yake ya hela, ndoto yake, na nani aliye mbele katika moyo wake, naye hakuhisi kuhojiwa kwa sababu aliulizwa jambo aliloliishi.

Mchezo nao una siri zake. Anayeomba kupokea wa kwanza mara nyingi ana shida au ana biashara inayosubiri mtaji. Anayependa kupokea wa mwisho anautumia kama kibubu. Jambo la kusikiliza zaidi ni hadithi ya yule aliyepokea mapema kisha akaacha kuchangia, maana kila mchezo umewahi kuwa naye. Mwache mwenzako asimulie walivyomfanya. Utasikia anavyoona deni, na kama ana huruma kwa aliyekwama au hasira peke yake.

Malengo ndiyo yaliyoharibiwa zaidi na lugha ya usaili. Swali la miaka mitano hujibiwa kwa maneno ya kukariri. Kwa mtu wa Dar es Salaam, uliza kiwanja. Akipata, angependa wapi: Kigamboni, Chanika, Bunju, au nyumbani Singida? Anayechagua nyumbani amekwambia anapotaka kuzeekea, na ni vema ulijue kabla hujampenda sana kama wewe huwezi kutoka mjini. Kisha tazama kama anajua hatua. Mwenye ndoto tupu husifia vigae na geti. Mwenye lengo atakwambia bei aliyouliza, mjumbe aliyemwona, tofali alizoanza kufyatua kidogo kidogo, na kwamba amesimama kwa sababu mdogo wake ameingia chuo. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, maana inakuonyesha lengo na wajibu vinapogongana yeye hukipisha kipi.

Lakini yote haya hugeuka ujanja kama wewe hutoi chako. Kinachofanya mazungumzo yawe usaili ni kwamba mmoja anauliza na mwingine anapimwa. Kwa hiyo tangulia. Sema jambo lako la kweli, dogo, lenye aibu kidogo, kisha acha nafasi. Si lazima uulize. Ukisema "mimi mwaka juzi nilikopa kwenye simu hadi nikawa nakopa kulipia mkopo", na mwenzako ana la kwake, atalileta. Akinyamaza, umetoa, haijaharibika kitu. Na jikaze usirukie jambo jipya. Kaa kwenye lile lile kwa swali la pili na la tatu, maana anayefuata hadithi moja huonekana anajali, na anayeruka toka mshahara hadi ndugu hadi malengo huonekana ana orodha mfukoni.

Utajua umekosea kwa dalili chache. Majibu yanakuwa mafupi. Anakurudishia kila swali kwa "na wewe je?" bila kungoja jibu. Au anaanza kutoa majibu mazuri mno, yasiyo na jina la mtu wala la mahali. Ukiona hivyo, acha kabisa habari za hela kwa siku hiyo. Hazikimbii.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo njia hii ya kuzunguka haitoshi. Kabla barua ya posa haijaandikwa, mambo matatu lazima yasemwe waziwazi, mmetazamana: watoto mlionao na wanaotunzwa na nani, madeni yote pamoja na yale ya kausha damu, na mali iliyowekwa rehani. Kumbukeni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa ya mtu asiyejua deni ni ridhaa gani? Lakini wakati huo mmeshakuwa watu wa kuambiana. Swali lile lile lililoudhi siku ya kwanza, mwezi wa nne linaonekana ni heshima.

Mpwa wangu aliomba radhi kwa ujumbe mfupi na akapewa Jumapili nyingine. Safari hii walikuwa wanatembea ufukwe wa Koko simu ya yule dada ilipoita. Alisikiliza, akasema "sawa, ngoja", akafungua M-Pesa, akatuma. Kijana hakuuliza ni nani wala ni kiasi gani. Alisema tu, "Mimi wangu yuko Veta Morogoro. Akipiga asubuhi, najua ni hela. Akipiga usiku, ni stori."

Dada akacheka. Wakatembea kidogo. Kisha akasema, "Huyu wangu ni wa mwisho. Baba alipofariki tulikaa wanne tukagawana. Kaka mkubwa chakula cha mama, mimi ada ya huyu, wengine wawili matibabu. Imebaki miaka miwili amalize."

"Akimaliza?"

"Akimaliza nasimamisha ukuta. Msingi upo, Chanika. Niliuchimba na hela ya kikoba."

Kijana akamuuliza msingi huo una vyumba vingapi, na dada akachukua kijiti akaanza kumchorea kwenye mchanga.