Jiwe, Karatasi, Mkasi: Mchanganyiko Dhidi ya Mpangilio

Katika mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, anayefuata mpangilio hutabirika, na mpinzani akiutambua humshinda kila raundi. Kinga ni kuchagua kwa kubahatisha, lakini kwa viwango maalumu.

Tuseme jiwe likishinda hupata pointi 2, na ushindi mwingine pointi 1. Anayeshindwa hupoteza kiasi hichohicho. Jiwe huvutia, kwa hiyo karatasi inayolishinda hupanda thamani. Msawazo ni jiwe robo, karatasi nusu, mkasi robo. Dhidi ya mchanganyiko huu, mpinzani anayetoa jiwe hupata pointi 2 mara moja kati ya nne na kupoteza 1 mara mbili: wastani ni sifuri. Akitoa karatasi au mkasi, wastani ni uleule, hivyo hana pa kupenya.

Sarafu mbili hutosha kuchagulia: zote zikiangukia upande wa kichwa, jiwe, zote upande wa pili, mkasi, zikitofautiana, karatasi.

Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha kuwa michezo ya namna hii ina msawazo. Hata hivyo, mchanganyiko huo hulinda tu. Anayetaka kumnyonya mpinzani mwenye mazoea lazima auache, naye atabirike.