Milioni 80 Zilizojificha Ndani ya Wastani

Mkuu wa masoko akipewa dakika tano mbele ya bodi, mara nyingi huzimaliza akisoma idadi ya watu walioliona tangazo, waliolibofya na walioupenda ukurasa. Wajumbe, ambao ni wahasibu, mawakili na wahandisi, humsikiliza kwa adabu mpaka mmoja wao anapouliza: "Sasa hizo fedha zimerudi?" Muhtasari uanzie kwenye swali hilo.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayouza majiko ya gesi. Mwaka juzi ilitumia shilingi milioni 160 kwenye matangazo ikapata wateja wapya 8,000. Mwaka jana ikapandisha bajeti hadi milioni 240, na wateja wapya wakafika 10,000. Maana yake gharama ya kumpata mteja mmoja imetoka 20,000 hadi 24,000. Jiko moja, ukishatoa bei ya kulinunua, usafiri na kamisheni ya wakala, huiachia kampuni 30,000. Kwa hiyo kila mteja bado anabakiza 6,000, na ripoti nyingi huishia hapo, watu wakapongezana.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila haiisaidii bodi. Kinachosubiri uamuzi ni zile milioni 80 zilizoongezwa: zitolewe tena mwaka huu au zisitolewe? Zilileta wateja 2,000 tu. Kumpata kila mmoja wao kuligharimu 40,000, naye akanunua jiko linaloacha 30,000, hivyo nyongeza yote ilikula hasara ya milioni 20. Hasara hiyo haionekani kwenye wastani kwa sababu wale 8,000 wa bei nafuu wanaibeba. Wala si lazima mtu awe amezembea. Tangazo huwapata kwanza waliokuwa wanalitafuta jiko. Ukizidi kumwaga fedha unawafikia wanaositasita, au walewale wanaoliona kwa mara ya tano.

Mbele ya bodi, ningeyasema hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe. Mwaka jana tulitumia milioni 240 kutafuta wateja wapya. Milioni 160 za kwanza zinaelekea kurudi na faida. Milioni 80 tulizoongeza hazikurudi ndani ya mwaka. Zilitupotezea kama milioni 20. Naomba tusizirudie kabla ya kufanya jaribio moja nitakalolieleza."

Hayo hayamalizi hata dakika moja. Muda unaobaki ni wa maswali, na swali gumu kuliko yote huwa hili: mnajuaje kwamba watu hao wasingekuja hata bila tangazo?

Hapo takwimu za mitandao zenyewe hazitoshi. Mteja akiliona tangazo Facebook asubuhi, akabofya jingine Google jioni, akanunua, kila mtandao unaweza kumhesabu kuwa wake. Ukijumlisha ripoti zao unaweza kupata wateja wengi kuliko risiti za dukani. Dalili ya kuhesabu mara mbili ni hiyo, na mhasibu wa bodi ataigundua kabla yako, kwa hiyo anza na risiti.

Lile swali la watu ambao wangekuja hata bila tangazo, kampuni ya eBay ilikutana nalo mwaka 2012. Ilikuwa ikilipia matangazo yanayotokea mtu anapoandika jina la eBay kwenye mitambo ya kutafuta. Iliposimamisha matangazo hayo kwenye Yahoo na MSN nchini Marekani, karibu wageni wote waliingia kupitia matokeo ya kawaida, yasiyolipiwa. Walikuwa wanaitafuta eBay tangu mwanzo.

Kampuni yetu ya majiko inaweza kulijaribu jambo hilo kwa mikoa. Ichague mikoa iliyokuwa ikiuza kwa mwendo mmoja, izime matangazo katika nusu yake kwa wiki kadhaa, iyaache kwingine, kisha ilinganishe risiti. Mauzo yasiposhuka palipozimwa, fedha zilikuwa zinawalipia watu waliokwisha kuamua. Jaribio lisiangukie msimu wa sikukuu, na wakala asipunguze bei upande mmoja, maana hapo hutajua kilichosababisha nini. Mikoa ikiwa michache, tofauti ndogo inaweza kuwa bahati tu.

Kuna pingamizi moja la haki, na mkuu wa masoko asilifiche. Mteja wa jiko hurudi kujaza mtungi. Iwapo kampuni inauza na gesi, na ujazo unaiachia 3,000, mteja wa 40,000 atafidia pengo la 10,000 akijaza mara nne. Lakini wateja waliovutwa na fedha za mwisho ndio walikuwa wanasita, na huenda wakarudi mara chache kuliko wale wa mwanzo. Wahesabiwe peke yao, kwa risiti za ujazo, kabla bodi haijaombwa kuidhinisha tena hizo milioni 80.