Zamu Mbili za Kazi Moja Zisigongane

Chukua duka lenye matawi. Kila baada ya dakika 5, cron huamsha programu kwenye seva ya tawi. Programu husoma mauzo ambayo hayajatiwa alama ya kutumwa, huyapeleka makao makuu, na mwishoni huyatia alama yote kwa pamoja.

Saa 4:00 asubuhi kuna mauzo 600 na mtandao ni mzito, hivyo kazi itachukua dakika 7. Ikifika 4:05, cron huamsha zamu ya pili bila kuuliza kama ya kwanza imemaliza. Zamu hiyo haioni alama yoyote, nayo inayachukua mauzo yale yale 600. Makao makuu yanapokea 1,200, na hesabu ya bidhaa inapungua mara mbili.

Wengi hutibu tatizo hili kwa kuandika faili mwanzoni mwa kazi na kulifuta mwishoni. Zamu inayolikuta faili huondoka. Lakini umeme ukikatika katikati, faili hubaki. Kuanzia hapo kila zamu hulikuta na kuondoka, na mauzo hayatumwi tena hadi mtu agundue.

Dawa ni kufuli linaloshikwa na Linux yenyewe, si kuwepo kwa faili:

```
*/5 * * * * flock -n /var/lock/mauzo.lock timeout 20m /opt/mauzo/tuma.sh
```

Amri ya `flock` hufungua faili na kuomba kufuli juu yake. Kwa `-n`, ikikuta limeshikwa haisubiri, inaondoka mara moja. Kazi ikimalizika, ikifa au mashine ikizimika, kufuli huachiliwa lenyewe, hata kama faili limebaki. Kwa hiyo usilifute: ukilifuta wakati zamu moja bado inaendelea, inayofuata itaunda faili jipya na kupata kufuli lake, na zote mbili zitaendelea bila kizuizi. `timeout` ipo kwa ajili ya zamu iliyokwama, ambayo ingelishikilia kufuli bila kikomo.

Kufuli hili ni la hiari: humzuia anayeliomba tu. Fundi akiiendesha `tuma.sh` kwa mkono bila `flock`, mgongano unarudi pale pale.

Tena halivuki mashine. Ikiwa seva mbili hufanya kazi hiyo kwa zamu, kufuli liombwe kwenye hifadhidata wanayoitumia zote. Katika PostgreSQL:

```
SELECT pg_try_advisory_lock(4207);
```

Namba ni yoyote mliyokubaliana. Jibu likiwa kweli, endelea. Likiwa si kweli, ondoka. Kufuli hudumu mradi muunganisho uliolipata uko wazi, kwa hiyo uutunze huo huo hadi mwisho wa kazi.

Kila zamu inayoondoka iandikwe kwenye kumbukumbu. Zikiondoka tatu mfululizo, kazi imeizidi ratiba yake: dakika 5 hazitoshi.